Plasta kwenye kamera, namba zote nje: jinsi ya kukagua ruhusa za programu kwenye simu

Dada yangu mkubwa aliniletea simu yake akilalamika kwamba betri haifiki hata jioni. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kipande cha plasta nyeusi alichokibandika juu ya kamera ya mbele. "Sitaki mtu anichungulie," aliniambia. Nikafungua mipangilio, nikaingia kwenye orodha ya ruhusa, na humo nikakuta programu ya kubadilisha milio ya simu imeruhusiwa kusoma namba zote alizosevu. Zilikuwa 412. Programu ya hali ya hewa nayo iliruhusiwa kujua alipo saa zote, mchana na usiku, hata akiwa hajaifungua kwa wiki nzima.

Nimekagua simu nyingi za ndugu na marafiki, na hofu hupangika vilevile kila mara. Kamera ndiyo inayoogopwa zaidi, mahali mtu alipo panafuata, na orodha ya namba haimshtui yeyote. Kwa jinsi simu za miaka hii zilivyoundwa, mpangilio huo ni wa kupindua. Ruhusa hizi tatu zinaombwa kwa kidirisha kinachofanana, lakini kinachotoka kwenye simu baada ya kugusa kitufe cha kukubali si kitu kimoja. Kamera ni kama mlango, ukiufunga umefungwa. Mahali ulipo ni kumbukumbu inayoongezeka siku hadi siku, kwa hiyo ukiikata leo umezuia ya kesho tu. Orodha ya namba ni kitu cha kunakiliwa: inachukuliwa yote kwa sekunde chache, na ukiondoa ruhusa baadaye nakala inabaki kulekule ilikokwenda.

Ukishaielewa tofauti hiyo, ukaguzi unakuwa mwepesi, kwa sababu unajua pa kutumia muda na pa kupita haraka.

Anzia kwenye ruhusa, usianzie kwenye programu

Watu wengi hufungua programu moja moja na kuangalia inachoruhusiwa. Kwa simu yenye programu themanini, utachoka ukifika ya kumi. Njia nyepesi ni kuuliza kinyume chake: nani wote wanaruhusiwa kitu hiki? Kwenye Android nyingi ukurasa huo unaitwa "Permission manager" na uko ndani ya "Privacy" au "Security & privacy" kwenye mipangilio. Watengenezaji wa simu hupenda kuhamisha vitu, kwa hiyo usipouona, andika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio. Kwenye iPhone, ingia "Settings", kisha "Privacy & Security", na hapo utakuta "Location Services", "Contacts" na "Camera" kila moja na orodha yake.

Kwenye simu ya dada, orodha ya kamera ilikuwa na programu 14, ya mahali ilikuwa na 19, ya namba ilikuwa na 11. Hizo ni programu 44 kwa hesabu ya kurasa, ingawa nyingi zilijirudia. Tuliimaliza kazi yote kabla chai haijapoa, isipokuwa sehemu moja ambayo nitaifikia.

Kabla hujagusa chochote, pata ushahidi. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 kuna ukurasa uitwao "Privacy dashboard" unaoonyesha, kwa saa 24 zilizopita, programu ipi ilitumia kamera, kipaza sauti au mahali ulipo, na saa ngapi hasa. iPhone inayo ripoti yake, "App Privacy Report", inayorudi nyuma hadi siku saba. Hiyo ya iPhone haianzi yenyewe, lazima uiwashe kwanza, halafu uipe siku kadhaa ikusanye. Ule ukurasa wa Android ndio ulionionyesha kwamba programu ya hali ya hewa ilikuwa imeuliza dada yuko wapi tangu usiku wa manane, tena na tena, wakati simu iko mezani na mwenyewe amelala. Kila ikiuliza inaiamsha simu, na hapo ndipo sehemu ya betri ilipokuwa inakwenda.

Kamera: hofu kubwa, kazi ndogo

Hofu ya kamera ina asili yake. Zamani, kwenye Android, ulikuwa unakubali ruhusa zote kwa pamoja wakati wa kusakinisha programu, la sivyo huipati kabisa. Hali hiyo ilibadilika na Android 6, mwaka 2015, ambapo kila ruhusa nyeti ilianza kuombwa peke yake, programu ikiwa tayari inatumika. Mwaka 2018 ilipokuja Android 9, mfumo ulizizuia programu zilizo nyuma, yaani zisizoonekana kwenye kioo, kuifungua kamera. Kisha kikaja kile kidoti cha kijani. Kwenye iPhone kilianza na iOS 14 mwaka 2020, na kwenye Android kilianza na toleo la 12. Kamera ikiwashwa, kidoti cha kijani kinatokea juu ya kioo. Kinawekwa na mfumo wenyewe, na programu ya kawaida haina uwezo wa kukificha.

Kwa hiyo programu ya kawaida, iliyopewa ruhusa ya kamera, kwenye simu ya miaka hii, haiwezi kukaa kimya mfukoni ikikurekodi. Ninasema programu ya kawaida kwa makusudi. Programu za ujasusi zinazotumia matundu ya mfumo ni jambo jingine, na ukurasa wa ruhusa haukulindi dhidi yake. Kinachokulinda huko ni masasisho ya simu.

Swali la kujiuliza kwa kila jina kwenye orodha ya kamera ni moja: je, nimewahi kupiga picha nikiwa ndani ya programu hii? Watu huchanganya kupiga picha na kutuma picha iliyokwisha pigwa. Kutuma picha iliyoko kwenye simu hakuhitaji ruhusa ya kamera hata kidogo. Dada alikuwa na programu ya kusoma vitabu yenye ruhusa ya kamera, kwa sababu mara moja, miaka miwili nyuma, alipiga picha ya wasifu wake humo. Tuliiondoa. Kati ya zile 14 zilibaki 5, na kwa mbili kati ya hizo tulichagua "Ask every time" kwa kuwa anazitumia kusoma misimbo ya QR tu, mara moja moja.

Kidoti hicho kina mpaka wake. Kinakwambia kamera imewashwa, hakikwambii picha imepelekwa wapi. Ukipiga picha ya kitambulisho chako ndani ya programu ya kampuni fulani, kidoti kitawaka na kuzima kama kawaida, na picha itakuwa imeshafika kwenye seva yao.

Mahali ulipo: maswali mawili, si moja

Hapa swali la kukubali au kukataa halitoshi. Kuna kipimo cha lini, na kuna kipimo cha usahihi, na watu wengi hukigusa cha kwanza tu.

Kwa upande wa lini, Android inakupa "Allow all the time", "Allow only while using the app", "Ask every time" na "Don't allow". iPhone ina "Always", "While Using the App", "Ask Next Time Or When I Share" na "Never". Ninachofanya kwenye simu yoyote ni kuangalia kwanza walioko kwenye kundi la saa zote, kwa sababu ndio wanaokusanya historia. Wengine wote wanakuona kwa vipande. Programu chache sana zina sababu ya kuwa pale. Ile ya kutafuta simu iliyopotea ina sababu, na ile ambayo familia huitumia kufuatana kwa kukubaliana pia. Ramani inayokuelekeza njia haihitaji saa zote, hata ukizima kioo katikati ya safari: maadamu safari uliianzisha wewe na arifa yake ipo juu, mfumo unahesabu kwamba bado unaitumia. Dada aliogopa ramani itakatika njiani. Tulijaribu, haikukatika.

Kipimo cha pili, cha usahihi, kiko ndani ya ukurasa wa kila programu. Kwenye Android kinaitwa "Use precise location", kwenye iPhone kinaitwa "Precise Location". Ukikizima, programu ya Android inapata eneo la kama kilomita 3 za mraba badala ya kujua umesimama upande gani wa barabara. Mvua haichagui nyumba, kwa hiyo programu ya hali ya hewa haipotezi chochote. Programu ya kuita gari inapoteza, kwa sababu dereva atafika mtaa mwingine. Kwa jumla, kama jibu unalolitaka halibadiliki ukihama mtaa, zima usahihi.

Kwa nini nasisitiza historia kuliko nukta moja? Nukta moja inasema ulikuwa pahali. Nukta za wiki mbili zinasema unalala wapi, maana simu hukaa palepale kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, na zinasema unafanya kazi wapi, unasali wapi, unatibiwa wapi. Jina lako halihitajiki. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa miezi 15 ya mienendo ya watu milioni 1.5, iliyochukuliwa kutoka kampuni ya simu bila majina, wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Kampuni inayokwambia kwamba imeondoa jina kwenye data za mahali inasema kweli, lakini hilo halikufichi.

Kuna mwanya mmoja unaosahaulika nao ni programu ya kamera yenyewe. Ikiwa na ruhusa ya mahali, inaandika majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa picha ilipopigwa, ndani ya faili la kila picha. Ukilituma faili zima kama lilivyo, majira yanaweza kwenda nalo, na aliyelipokea anaweza kuyasoma. Mtu anayeuza kitanda chake mtandaoni kwa picha iliyopigwa chumbani anaweza kuwa ametoa anwani ya nyumba. Dada alipenda picha zake zijipange kwa mahali, kwa hiyo hatukuizima, ila alijifunza kuyaondoa majira kabla ya kumtumia picha mtu asiyemjua.

Na usidhani ukikataa ruhusa umekuwa hauonekani. Anwani ya intaneti ya simu yako kwa kawaida huiambia kila seva ambayo simu inawasiliana nayo uko nchi gani, na mara nyingi hata mji gani. Ukikataa ruhusa umezuia nyumba isijulikane, mji bado unajulikana.

Namba: hapa ndipo nilipokaa muda mrefu

Orodha ya namba si orodha ya namba tu. Fungua jina moja kwenye simu yako uone: kuna jina kamili, namba mbili au tatu, barua pepe, pengine siku ya kuzaliwa, anwani, na chini kabisa nafasi ya kuandika maelezo. Majina yenyewe yanazungumza. Kwenye simu ya dada kulikuwa na mtu aliyesevuliwa kwa jina la daktari pamoja na ugonjwa anaoutibu, kulikuwa na mtu aliyesevuliwa kama wakili wa talaka, na kulikuwa na "Fundi Benki" mwenye namba ya tarakimu kumi. Nikamuuliza huyo fundi wa benki ni nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema zile tarakimu nne za mwisho ni namba ya siri ya kadi yake. Aliificha humo asisahau. Programu ya milio ya simu ilikuwa na ruhusa ya kuisoma kwa miezi mingi.

Hali ilikuwa mbaya zaidi kabla. Mwaka 2012, mtaalamu mmoja wa programu aligundua kwamba mtandao wa kijamii uitwao Path ulikuwa ukipakia orodha nzima ya namba za mtumiaji kwenye seva zake bila kumuuliza, kwa sababu iPhone za wakati ule hazikuwa na kidirisha cha kuombea ruhusa hiyo. Kampuni iliomba radhi na kutangaza kufuta data ilizokusanya. Baadaye mwaka huohuo, iOS 6 ikaja na kidirisha. Ndicho kile tunachokikubali leo bila kukisoma.

Uzito wa ruhusa hii uko kwenye mambo mawili. La kwanza, unatoa mali isiyo yako. Wale watu 412 hawakuulizwa. Hata asiyetumia simu janja kabisa, akiwa kwenye orodha za watu ishirini waliokubali, programu inaweza kujua jina lake, namba yake, na nani wanamjua. La pili ni lile nililolitaja mwanzo, kwamba hakuna kurudisha. Mahali na kamera unaweza kuzifunga leo ukawa umeokoa kesho. Namba za watu hazibadiliki kesho, kwa hiyo nakala iliyochukuliwa Jumatatu bado ni nzima mwaka ujao.

Ndiyo maana kwa ruhusa hii naanza na kukataa, halafu naona kinachoharibika. Mara nyingi hakuna kinachoharibika. Android na iPhone zote zina njia ambayo programu inafungua orodha ya mfumo, wewe unamchagua mtu mmoja, na programu inampata huyo mmoja tu bila kuwa na ruhusa ya kusoma wote. Programu ikiwa imetengenezwa vizuri, utakuta kitufe cha kumchagua mtu kinafanya kazi hata baada ya kukataa. Kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024, iPhone imeongeza chaguo la kati: unaruhusu watu unaowateua, na programu haiwaoni wengine. Kwenye Android nyingi zilizoko mikononi mwetu, ruhusa yenyewe bado ni yote au hakuna.

Programu za kutumiana ujumbe ndizo zenye hoja ya kweli, maana zinatafuta ni nani kati ya unaowajua naye anazitumia. Hapo pima mwenyewe. Kilichobaki, yaani michezo, milio, tochi, kalenda, programu za kuhariri picha, sijawahi kukuta sababu inayoeleweka. Kwa programu za mikopo nasema moja kwa moja: usizipe. Mkopeshaji akiwa na namba za ndugu zako, siku utakapochelewa kulipa anazo namba za kupiga.

Baada ya kuondoa ruhusa, kazi ya nakala bado ipo, na hii ndiyo sehemu iliyotuchukua muda. Tulifuata mpangilio huu. Kwanza tuliondoa ruhusa kwenye mipangilio ya simu, ili programu isipakie tena. Kisha tukaingia ndani ya programu yenyewe kutafuta sehemu ya kufuta namba zilizopakiwa. Telegram, kwa mfano, inacho kitufe cha "Delete Synced Contacts" kwenye mipangilio yake ya faragha. Pale ambapo kitufe hicho hakipo, tulifuta akaunti kutoka ndani ya programu, na mwisho kabisa ndipo tukaiondoa programu kwenye simu. Watu hufanya hatua ya mwisho peke yake. Kuiondoa programu kunafuta kilichoko kwenye simu, akaunti na nakala zinabaki kwenye seva, na umepoteza mlango wa kuingilia kuzifuta. Tangu Juni 2022 Apple inazitaka programu zinazofungua akaunti ziwe na njia ya kuifuta humohumo ndani, kwa hiyo kwenye iPhone itafute mpaka uione.

Programu ya milio haikuwa na akaunti wala kitufe. Tuliandika barua pepe kwa anwani iliyoko kwenye ukurasa wake wa duka la programu, tukaomba data zifutwe. Jibu halijaja. Tulichoweza kukifanya upande wetu ni kubadilisha namba ya siri ya kadi siku ileile na kumfuta "Fundi Benki".

Ikikataa kufanya kazi

Ukishaondoa ruhusa, siku mbili tatu zinazofuata utakutana na vidirisha. Soma programu inaomba nini, na inaomba ukiwa unafanya nini. Ramani ikiomba mahali ulipo baada ya kugusa kitufe cha kuelekezwa, ombi limeeleweka. Mchezo ukiomba namba zako mara tu unapofunguka, kabla hujagusa kitu, hakuna ulichokiomba wewe kinachozihitaji.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kwenye Android 11 na kuendelea, ukiikatalia programu ruhusa moja mara mbili, mfumo hauonyeshi tena kidirisha. Kitufe kinaguswa na hakuna kinachotokea, na mtu anadhani programu imeharibika, anaifuta na kuisakinisha upya. Kwenye iPhone hali hiyo huja mapema zaidi, kwani kwa kawaida ukikataa mara moja basi. Dawa ni kurudi kwenye mipangilio, kwenye ukurasa wa programu hiyo, na kuiweka ruhusa kwa mkono.

Android hizo pia huziondolea ruhusa zenyewe programu ambazo hujazifungua kwa miezi michache. Inasaidia, ila haimgusi unayemfungua kila siku, na huyo ndiye mwenye nafasi ya kukusanya mengi.

Baada ya siku tatu tulifungua tena "Privacy dashboard" pamoja. Kwenye mahali kulikuwa na ramani saa mbili asubuhi, na programu ya kuita gari saa kumi na moja jioni. Usiku kulikuwa kweupe. Dada aliangalia ule mstari mtupu kwa muda, kisha akaniuliza kama ningeweza kupita kwa mama Jumapili, kwa sababu namba ya siri ya mama nayo imesevuliwa hivyohivyo, na aliyemfundisha ni yeye.